Mama Kulwa: Dagaa wa Mwanza Wasio na Mchanga

Nimezaliwa Ukerewe, kwa mama aliyeanika dagaa chini, mchangani. Jioni tulichekecha, tukapepeta, na bado ukitafuna unasikia mchanga kwenye meno. Hilo sikulisahau. Mwaka 2013 nilianza na ndoo mbili Mwaloni, Kirumba. Leo nina chanja 14 za wavu, zimeinuliwa hadi kiunoni. Dagaa wanaoshushwa mtumbwini alfajiri huanikwa asubuhi hiyohiyo, wanakauka wakiwa bado wanang'aa kama fedha. Wakinyeshewa wakaharibika rangi, siwauzi kwa chakula cha watu, hata iwe hasara. Natuma kwa basi Dodoma na Dar es Salaam kila Jumanne na Ijumaa, kuanzia kilo 1. Ukipita Mwaloni, njoo uonje kabla hujanunua.