Zuhura, niwie radhi kwa yale ya kwa fundi

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Karatasi hii anakuletea mdogo wako Asha kwa kuwa simu zangu hupokei, na una haki ya kutozipokea. Kuja mlangoni nimeogopa. Si kukuogopa wewe. Najua nikija, mama atanikaribisha, ataniwekea chai, nawe itakubidi ukae na mimi sebuleni ukiniangalia kwa adabu ya mgeni. Sikutaka kukutia kwenye hilo. Karatasi unaweza kuichana.

Alhamisi kwa fundi, ulipoinua mikono akupime kifua, nilisema: "Fundi, kwa huyu unga futi mbili, moja haizunguki." Nayaandika kama nilivyoyatamka kwa sababu Ijumaa nzima nilikuwa nikijisimulia kwa maneno laini, eti nilikutania kidogo kuhusu nguo. Sikukutania kuhusu nguo. Nilikucheka mwili wako mbele ya wifi yangu, mbele ya mabinti wa shangazi na wale majirani waliokuja kuchukua gauni zao, na nilisema kwa sauti ili wote wasikie. Wakacheka. Nawe ukacheka. Ukabaki umeinua mikono mpaka fundi akamaliza, ukashusha, ukafunga ushungi wako upya ingawa haukuwa umelegea, ukaaga kila mtu kwa jina isipokuwa mimi.

Nilikosa, Zuhura. Nisamehe.

Sitasema "kama nilikuudhi". Nilikuudhi, na nilijua pale pale, maana nilikuona unavyoushika ule ushungi. Ningeweza kukufuata mpaka kona ya Barabara ya 13 nikakuomba radhi kabla hujapata bajaji. Nikabaki kuchagua lesi.

Kuna jambo ambalo wengine hawalijui. Wao wakicheka walimcheka mtu waliyemwona amenenepa. Mimi nilikuwa najua. Ni mimi niliyekaa nawe kwenye benchi kule Bombo ulipoambiwa kwamba mafigo yanavujisha protini, ndiyo maana mkojo una povu na miguu inavimba. Ni mimi uliyenionyesha ugoko wako usiku ule, ukabonyeza kidole, ukakitoa, kishimo kikabaki. Nilikuwepo daktari alipokuandikia prednisolone, vidonge 8 vya miligramu 5 kila asubuhi baada ya kula, na nilimsikia akisema mapema kabisa kwamba dawa hii italeta njaa, uso utajaa, tumbo nalo litaongezeka. Ulimuuliza kwa muda gani. Akasema ni miezi, na itapunguzwa polepole. Tulipotoka ulinishika mkono ukaniambia, "Mwanajuma, watu wataanza kusema." Nikakujibu, "Waseme, nipo."

Basi aliyesema ni mimi.

Unaweza kuniuliza kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe, na jibu lake halipendezi, ila bora ulipate kwangu kuliko ukae ukidhani nimekuwa nikikuonea kinyaa muda wote huu. Ilikuwa kijicho. Asubuhi ile wifi alikuwa amesema singo ya bi harusi utaisimamia wewe, liwa usage wewe, hina uichague wewe, na ukeshani wewe ndiye wa kuanzisha nyimbo. Mtoto ni wa kaka yangu, nilitazamia nitaambiwa mimi. Sikuambiwa. Nikachekacheka, nikasema hewala, lakini moyoni nilikuwa nimevimba, na ulipoinua mikono nikaona mahali pa kukupiga. Wifi alikuchagua kwa haki, wallahi. Mimi sandali naichoma, sauti yangu unaijua, na mara ya mwisho niliposaga liwa ilibaki na chenga hadi bi harusi akakwaruzika mgongo. Lakini siku ile sikutaka kuyakumbuka hayo.

Na katika watu wote, wewe ndiye hukustahili neno kama lile kutoka kwangu. Chuoni, wale wasichana wakubwa waliponiita Koleo kwa ajili ya meno yangu, nilikuwa nakula nimejiziba mdomo kwa mtandio. Hukuwahi kuniambia kwamba meno yangu ni mazuri, ningejua unanidanganya. Ulichofanya ni kuja kukaa upande wangu kila siku ukanigawia visheti, vile vigumu vya bibi yako ambavyo havitafuniki kwa siri. Ikanibidi nitoe mtandio nitafune. Mpaka leo nacheka mdomo wazi kwa sababu yako. Alhamisi mdomo huo huo ndio niliokuchekea.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu usiku huu badala ya kungoja hasira yako ipoe. Asha ameniambia umeanza kuacha vidonge. Usimgombeze, ameogopa. Amesema tangu Alhamisi unameza siku ukitaka, na jana umeificha kopo nzima ukisema bora miguu ivimbe kuliko uso.

Zuhura, usinisamehe ukitaka, ila dawa usiikate. Unakumbuka daktari alivyotueleza: ukiinywa kwa muda, zile tezi za mwili zinazotengeneza homoni ya aina hiyo hulala, zinaona kazi inafanywa na kidonge. Ukikiacha ghafla unabaki huna cha kwako wala cha kidonge. Ndiyo sababu alisema itashushwa ngazi kwa ngazi, na atakayeshusha ni yeye. Kesho asubuhi nenda, usingoje tarehe yako ya Jumatano. Waambie ukweli kwamba umeruka siku, na usijaribu kufidia kwa kumeza za siku zote kwa mpigo kabla hawajakwambia. Ukiona kizunguzungu, kutapika, au mwili unakuishia nguvu, hata kama ni saa nane za usiku, mwamshe kaka. Asha namwambia haya haya kwa mdomo, maana nakujua, utafika hapa uanze kukunja karatasi.

Na kama uso ndio unaokutesa, mwambie daktari hilo nalo. Usione haya kwamba ni jambo la urembo. Mwambie watu wanakucheka na kwamba aliyekucheka ni rafiki yako. Anayejua kwa nini mgonjwa anaacha dawa anaweza kupanga naye. Aliye gizani ataona tu mkojo umerudi kuwa na povu, adhani dozi ilikuwa ndogo.

Nimerudi kwa fundi jana. Wifi alikuwepo, na wale mabinti wawili. Nikawaambia kwamba nilimvunjia Zuhura heshima mbele yao, kwamba lilikuwa neno baya, na nisingependa lirudiwe kwenye kesha wala kwenye lile kundi la simu la sare. Ugonjwa wako sikuutaja, wala dawa. Si wangu wa kuutangaza, hata kama kuutaja kungefanya wakuonee huruma. Binti mmoja akasema, "Lakini mbona mwenyewe alicheka?" Nikamjibu kwamba mtu akisimama mikono juu, futi imemzunguka na watu wamemkodolea macho, hana pa kukimbilia zaidi ya kucheka. Akanyamaza. Wifi akaniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau, na sikuwa na la kujitetea.

Kitambaa chako kipo. Fundi alikuwa ameshaviandika vipimo kwenye daftari lake, sikuvifungua wala sikumuuliza. Yeye amesema hatakata mpaka asikie kwako. Ukitaka dera pana, sawa, ukitaka gauni la kubana, sawa, ukitaka uvae baibui lako tu ukae upande wa wazee, sawa vilevile. Usipokuja kabisa nimeshamwambia wifi kwamba sababu itakuwa ni mimi, asije akakununia wewe. Na singo hajampa mtu mwingine. Mimi sitaidai, na hata akinipa nitakataa.

Nyumbani kwenu sitakuja mpaka uniite. Najua ninavyojijua, ningekuja na bakuli la changu la bila chumvi, lile la ndimu na tangawizi unalosema limekuokoa na mchuzi wa hospitali, nikalitanguliza mbele ili usiweze kunifukuza. Ndiyo maana leo sikupika kitu. Ukipenda nikupikie, mtume Asha hata kwa neno moja, nitapika nimpe yeye alete, na bado nitabaki kwangu.

Sikuombi uniambie "yameisha". Wewe una tabia ya kusema yameisha ili mwenzako apumue, kisha unabaki nayo wewe peke yako. Usinifanyie hivyo safari hii. Kaa na hasira yako kadiri utakavyo. Ukitaka kunitukana, nitukane, nitasikiliza mpaka mwisho na sitajibu. Na ukiona urafiki wetu ubadilike, tubaki kusalimiana njiani na kukutana misibani, nitaumia, lakini sitakwenda kumlalamikia mtu wala kumtuma mama aje kukubembeleza.

Kitu kimoja nakuahidi, na hiki unaweza kunishikia shingo. Mwili wako sitauzungumza tena. Si kwa ubaya, si kwa mzaha, si hata kwa sifa. Ukipungua sitasema "aa, sasa umependeza", maana najua maneno hayo nayo yana sumu yake, ni kama kukuambia kwamba jana hukupendeza. Ukitaka kuuzungumza wewe, kama ulivyokuwa ukifanya kwenye lile benchi, nitasikiliza.

Kadi yako ya kliniki ilikuwa kwenye mkoba wangu tangu tulipokwenda pamoja. Nimeiweka ndani ya bahasha hii, pamoja na ile karatasi ya majibu ya mkojo. Iangalie kabla hujatupa bahasha. Wifi yako mke wa kaka amekubali kukusindikiza kesho saa 1 asubuhi, hajui lolote zaidi ya kwamba una kliniki. Kama humtaki, Asha ameomba ruhusa kazini.

Meza kitu kwanza kabla ya kutoka, hata uji.

Mwanajuma