Ratiba ya wiki kwa wanaoanza kupiga vyuma, Mtwara

Ratiba hii ni ya wiki 8 za mwanzo. Vyuma ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, alfajiri au baada ya jua kushuka, maana joto la mchana huku pwani litakumaliza kabla ya chuma. Pasha mwili dakika 5 kwa kuruka kamba. Wiki ya kwanza fanya seti 2 tu kila zoezi, hata ukijisikia una nguvu.

JUMATATU. Skwati, seti 3 za mara 8. Benchi presi, seti 3 za mara 8. Planki sekunde 20, mara 3. Pumzika dakika 2 kati ya seti. Anza na chuma kirefu bila sahani, kilo 20. Kikikushinda kwenye skwati, kumbatia dambeli ya kilo 8 kifuani. Magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu. Yakiingia ndani, uzito umezidi: punguza.

JUMATANO. Kuvuta dambeli ukiwa umeinama na mkono mmoja juu ya benchi, seti 3 za mara 10 kila upande. Kusukuma dambeli juu ya kichwa ukiwa umekaa, seti 3 za mara 8. Miguu tunaiacha makusudi, kwani maumivu ya misuli ya Jumatatu mara nyingi hukolea siku ya pili.

IJUMAA. Kunyanyua chuma kutoka chini, seti 2 za mara 6, kisha pushapu seti 3, ukiishia mbili kabla ya kushindwa. Hapa ndipo wengi wanaumia kiuno. Chuma kikae karibu na miundi, vuta pumzi na kaza tumbo, mgongo unyooke, ndipo usukume sakafu kwa miguu. Sahani zetu ni ndogo, kwa hiyo chuma kinakaa chini mno na kukulazimisha kupinda mgongo. Kiinue kwa mbao pande zote mbili mpaka kifike katikati ya muundi.

Jumanne, Alhamisi na Jumapili ni mapumziko, kutembea kunatosha. Mpira wa mchangani ucheze Jumamosi, usiucheze Jumapili, kwa sababu mchanga unachosha mashavu ya miguu na Jumatatu kuna skwati. Msimu wa korosho, ukishinda unapakia magunia ghalani, hesabu hiyo kuwa siku ya vyuma na uruke zoezi la kunyanyua.

Ukimaliza seti zote kwa usafi mara mbili mfululizo, ongeza kilo 2.5. Maumivu makali ya kiungo, tofauti na misuli kukaza, yana maana uache zoezi hilo.

Ugali wa muhogo peke yake ni wanga karibu mtupu: uambatanishe na dagaa, samaki au mbaazi, na ulale kwa muda wa saa 7 hadi 9 kila usiku.

Ukikosa Jumatano, ifanye Alhamisi na usogeze ya Ijumaa hadi Jumamosi. Wiki hiyo mpira hakuna.