Kanuni za tahadhari: USDC ikiachana na dola 1

Zinatumika kwa hazina na kwa zamu zote. Bei ni ya kati kutoka masoko 4 yanayouza USDC kwa dola halisi, husomwa kila sekunde 15. Bei iliyopita sekunde 60 haihesabiwi. USDC/USDT hatuihesabu hata kidogo, kwa sababu USDT ikipanda, USDC itaonekana imeanguka.

Ngazi ya 1: chini ya 0.997 kwa dakika 15. Ujumbe kwenye chaneli ya zamu. Mwenye zamu alinganishe masoko yote 4: likishuka moja tu, tatizo ni la soko hilo. Juu ya 1.005 nayo ni ngazi hii.

Ngazi ya 2: chini ya 0.995. Simu kwa mwenye zamu. Asipoipokea ndani ya dakika 5, simu inakwenda kwa mkuu wa hazina. Manunuzi mapya ya USDC yanasimama.

```
- alert: USDC_Ngazi2
  expr: quantile_over_time(0.5, usdc_usd_median[10m]) < 0.995
  for: 2m
```

Usiweke bei ghafi na `for: 10m`. Bei ikigusa 0.9951 mara moja tu, saa inaanza upya, na sarafu inaweza kuyumba saa nzima bila kengele kulia. Kwa kanuni hii, bei ikianguka na kubaki chini, simu inalia baada ya dakika 7 hivi.

Ngazi ya 3: chini ya 0.98 kwa dakika 3, au chini ya 0.95 kwa sekunde 60 kwenye masoko 2. Mwenye zamu, mkuu wa hazina na mkuu wa hatari wanapigiwa kwa pamoja. Mwenye zamu anafunga amana za USDC papo hapo bila kusubiri ruhusa. Tukiendelea kuipokea kwa dola 1, wenye kuikimbia wataileta yote kwetu. Kuuza akiba ni uamuzi wa mkuu wa hazina.

Kuanzia Ijumaa jioni hadi benki zifunguliwe Jumatatu, Ngazi ya 1 nayo hupiga simu. Machi 2023 Circle ilitangaza kwamba dola bilioni 3.3 za akiba ya USDC zilikuwa Silicon Valley Bank. Jumamosi tarehe 11 bei ilishuka chini ya 0.90. Benki zikiwa zimefungwa, wanaonunua kwa bei ya chini ili wakakomboe kwa dola 1 hukosa njia, na hao ndio huirudisha bei.

Masoko yanayosomeka yakipungua chini ya 3 kwa dakika 2, hiyo ni Ngazi ya 2 kamili. Kipimo kikitoweka, Prometheus huona sharti halijatimia na kuizima tahadhari iliyokuwa ikilia. Ujumbe wa "imetatuliwa" unaofika hapo usiaminiwe kabla ya kuangalia bei kwa macho.

Ngazi hushushwa moja moja, bei ikikaa juu ya 0.998 kwa dakika 60. Amana hufunguliwa na mkuu wa hatari peke yake.