Mada: Zuhura, fundi wa viyoyozi – mkataba unaisha 30 Juni, natafuta kazi kuanzia Julai

Shikamoo Injinia Kombo,

Natumai Idd mmeila salama wewe na watu wa nyumbani. Huku Kisauni mvua zimetuachia matope mpaka mlangoni, lakini tumshukuru Mungu, jua limerudi.

Nakuandikia kwa jambo moja, na nalitanguliza nisikupotezee muda. Mkataba wangu hapa hotelini Nyali unafika mwisho Jumatatu tarehe 30 Juni 2025. Najipa wiki moja niende Lamu kumwona bibi, kisha kuanzia Jumatatu tarehe 7 Julai niko huru. Ningependa kufanya kazi nawe tena, iwe ni mkataba wa miezi kadhaa au kazi ya kukubaliana bei na kulipana ikiisha.

Hapa tunaachana kwa wema. Niliajiriwa kwa ajili ya ukarabati, na ukarabati umekwisha. Wamebaki na fundi wao mmoja wa kudumu, kijana mzuri niliyefanya naye kazi bega kwa bega, na kwa mashine mpya zilivyo, mmoja anawatosha. Chifu wa matengenezo wa hapa amekubali umpigie simu umuulize lolote kunihusu. Ukitaka namba yake niambie nikutumie.

Nikueleze kidogo kazi yenyewe, maana ndiyo inayonifanya nifikirie Diani. Nilipofika, upande wa vyumba vinavyoelekea bahari ulikuwa karibu wote na mashine za R22, nyingine zimeshajazwa gesi mara kadhaa bila mtu kutafuta inakovujia. Tulikwenda ghorofa kwa ghorofa, tukazitoa na kuweka za R32, na wageni wakiwa bado wanalala upande wa pili. Maana yake kelele zote zilipaswa kufanyika baada ya watu kumaliza kifungua kinywa na kwenda ufukweni, na saa za usingizi wa mchana tunatulia, tunafunga nyaya na kufanya yasiyo na kishindo. Ukishafanya kazi namna hiyo unajifunza kupanga siku kuliko kozi yoyote.

Mabomba ya zamani hatukuyatumia, kwa sababu sikutaka mafuta ya mashine za R22 yaingie kwenye kompresa mpya. Kila laini tuliijaza naitrojeni na kuiacha usiku kucha geji ikiwa imefungwa, asubuhi tunasoma kama imeshuka. Kisha tunavuta vakyumu mpaka chini ya mikroni 500 ndipo tunafungua gesi, na gesi yote inapita kwenye mizani. Msaidizi wangu mwanzoni alilalamika kuwa nachelewesha. Nilimwambia aliyenifundisha kulaza naitrojeni usiku yuko Diani, akamlalamikie yeye! Mpaka naandika haya, hakuna laini hata moja kati ya zile iliyorudi kuongezwa gesi.

Gesi ya R22 tuliyoitoa hatukuiachia hewani. Tuliivuta kwenye mitungi, na hoteli inaitumia kwa mashine chache za zamani zilizobaki jengo la wafanyakazi.

Sasa nije kwenu. Tulipokutana kwenye ile harusi Likoni uliniambia kwamba mmerithi mashine nyingi za zamani, na kwamba bili ya Kenya Power inawaumiza kichwa. Sijaziona, kwa hiyo sitajifanya mganga. Lakini hoteli inayopigwa na upepo wa bahari naijua tabia yake, na ningependekeza nianzie kwenye mashine za nje kabla ya kitu kingine chochote.

Hivi sasa ni kusi, na kusi ndiyo inayobeba rasharasha ya chumvi na kuipaka kwenye koili. Chumvi ikikutana na unyevu pale ambapo alumini imeshikana na shaba, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona vile vibati vyembamba vinageuka unga mweupe, ukivigusa kwa kidole vinamomonyoka. Joto halitoki tena, presha upande wa juu inapanda, kompresa inavuta ampea nyingi kuliko ilivyoandikwa kwenye kibao chake, na hapo ndipo bili inapopaa wakati mgeni bado analalamika chumba hakipoi. Watu wengi hukimbilia kuongeza gesi. Gesi haina kosa.

Dawa yake si ghali. Koili zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, kwa presha ndogo, kwa ratiba, na zile za mstari wa mbele baharini zioshwe mara nyingi zaidi kuliko za nyuma. Nasema maji yasiyo na chumvi kwa makusudi, maana nimeona mahali watu wanaosha kwa maji ya kisima yenye magadi wakishangaa koili zinazidi kuoza. Na ile mashine ya kuoshea magari isikaribie hapo, inalaza vibati vyote na hewa haipiti tena. Ambazo bado ni nzima tunazipaka rangi ya kinga, ambazo zimekwisha tunaziandika pembeni. Tukianza Julai, tutakuwa tumezunguka hoteli nzima kabla kaskazi haijaleta joto lake na kabla ya wageni wa Desemba. Ukingoja Novemba, utakuwa unanitafuta mimi na mafundi wote wa Pwani kwa wakati mmoja.

Wakati wa kuosha ndio wakati wa kuhesabu. Kila mashine naipima ampea, naandika aina ya gesi, umri na hali ya koili, nakukabidhi daftari moja la hoteli nzima. Hilo litakusaidia mbele ya mameneja kwa suala la R22. Unajua kuwa kwa Itifaki ya Montreal nchi kama yetu zinatakiwa kuachana nayo ifikapo 2030, kibaki kiasi kidogo tu cha matengenezo, kwa hiyo gesi hiyo haitazidi kuwa rahisi. Hakuna haja ya kubadilisha zote kwa mkupuo. Ila ni vizuri mjue zipi zinastahili kutunzwa miaka michache na zipi zinakula pesa bure. Na akija muuzaji akakwambia kwamba mashine ya R22 inaweza kujazwa R410A ikaenda, mfukuze. Presha yake iko juu kwa zaidi ya nusu na mafuta yake ni mengine kabisa.

Nilisikia pia, si kwako, kwamba chumba cha kugandishia samaki kinawasumbua kwa barafu. Huenda ni maneno ya watu. Kama ni kweli, naomba nianze na mpira wa mlango na hita ya kuyeyushia barafu kabla mtu hajagusa kompresa. Mlango usiofunga sawasawa unaingiza hewa yenye unyevu, unyevu unaganda kwenye koili, feni inasukuma hewa isiyopita, na nyuzi -18 hamtaziona hata mkibadilisha mtambo mzima.

Nikuambie na nisichofanya. Zile chila kubwa za maji nitazihudumia upande wa pampu, feni na usafi wa koili, lakini kompresa yake sifungui. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye mafunzo ya kampuni iliyoitengeneza. Na R32 inaweza kuwaka, kwa hiyo sikubali kufanya kazi chumba ambacho mtu anachomelea jirani au hakina hewa, hata kama tuna haraka. Hili nalisema mapema ili tusije tukavutana.

Kuhusu malipo, nikija kwa siku natoza shilingi 4,500, na msaidizi wangu 1,800. Vifaa ni vyangu: pampu ya vakyumu, geji, mizani, torchi ya kulehemu na mtungi wa kuvutia gesi. Gesi na vipuri ni juu ya hoteli, na nikikuletea risiti ni risiti ya dukani, sina cha juu. Kama ni mkataba wa miezi mitatu au zaidi, bei ya siku tutaiweka kando tuzungumze mshahara, hapo naamini hatutashindwana. Ningeomba tu malipo ya mwezi yasivuke tarehe 5, maana nina ada ya shule ya watoto wawili na mwezi wa Agosti shule zikifunguliwa hakuna kubembelezana.

Malazi yasikusumbue. Ukunda nina shangazi, chumba kipo. Na kwa siku za kubeba vifaa vizito, siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, sina haja ya kusukumana kwenye feri ya Likoni na mitungi mikononi.

Ombi langu ni dogo. Nipe asubuhi moja katika wiki hiyo ya tarehe 7 Julai, Jumatano ya tarehe 9 ingenifaa zaidi, nije nizunguke na mmoja wa vijana wako tuangalie mashine za nje za mstari wa mbele na kile chumba cha samaki. Asubuhi hiyo sitatoza chochote. Nikirudi nitakuandikia nilichokiona na makadirio yangu, kisha wewe uamue na wakubwa wako. Kama bajeti ya mwaka huu imeshafungwa, nitaelewa. Hapo ningekuomba jambo lingine: ukisikia hoteli yoyote, kuanzia Diani mpaka Watamu, inayotafuta fundi wa kupumzishia wao au wa kazi ya muda, uwatajie jina langu. Neno lako linafika mbali kuliko wasifu wangu.

Nimeambatanisha wasifu wangu mpya, cheti cha NITA cha gredi ya 1, na kurasa chache za daftari la vipimo la hapa Nyali. Majina na namba za vyumba nimeyafuta kwa ruhusa ya chifu, vipimo nimeviacha kama vilivyo. Namba yangu ya simu ni ile ile, na WhatsApp iko wazi. Mchana nikiwa juu ya paa huwa sipokei, ila baada ya alasiri nipigie wakati wowote.

Msalimie mama watoto, na fundi bomba wetu wa zamani kama bado yuko nawe huko. Mwambie bado nina spana yake.

Wako katika kazi,
Zuhura
Fundi wa viyoyozi na majokofu
Kisauni, Mombasa