Shoga, picha za harusi nimeziona zote

Shoga, salama huko? Nisamehe kwa kuchelewa. Zilipoingia Ijumaa usiku nilizipitia kwenye simu, nikaona nisikujibu juu juu. Jana nilipofunga duka nikazifungua kwenye kompyuta, zote 214, mara mbili. Umesema nikwambie ukweli nisikuonee haya. Haya, kaa chini.

Kwanza ile ya mama wa bibi harusi. Yuko nyuma ya turubai, karibu na masufuria ya pilau, anafuta machozi kwa upindo wa kanga, na kitoto kimemshika mkono kinaangalia mambo yake. Umeiweka mwisho kabisa kama vile ulikuwa unafikiria kuifuta. Usithubutu! Miaka 16 nachapa picha za watu hapa Ngamiani, na picha ya namna ile ndiyo mtu hurudi kuniomba nyingine, akakaa nayo. Na ile ya kutunza, noti bado ziko hewani na somo kafumba macho kwa ngoma, sijui uliidaka vipi. Kusubiri unajua, na hilo sikukufundisha mimi.

Sasa linaloniuma: weupe. Bibi harusi namjua, maji ya kunde, ngozi yake inang'aa yenyewe. Wewe umemfanya kama kamwagiwa unga wa ngano. Najua, wateja wenyewe wanaomba, "nitoe mweupe kidogo", hata mimi dukani naombwa kila wiki. Lakini itazame mikono yake. Ile hina kaikalia karibu usiku mzima, na kwenye picha zako imebaki kama chai iliyomwagika juzi. Ukiing'arisha ngozi, unavuta wekundu na rangi ya chungwa, na hina imo humo humo, inaondoka nayo. Kwenye ile ya kuvishwa pete uso ni wa mtu mmoja, shingo ya mwingine. Bibi yake akiishika atauliza huyu ni nani.

Uzuri ni kwamba kupiga ulipiga sawasawa, ulikoharibu ni mezani. Faili za RAW unazo bado (usiniambie umezifuta). Anza upya na zile za hina na za pete, acha ngozi ilivyo, paka mwanga tu palipo na giza. Hiyo filta ya kulainisha uso iondoe kabisa, imefuta mpaka kidoti chake cha shavuni.

Za Raskazone sitakuficha, nyingi hazifai. Saa saba mchana, jua liko utosini, macho yao yamekuwa mashimo na kanzu ya bwana harusi imeungua, tarizi ya shingoni haionekani. RAW itakurudishia kidogo, ila palipoungua kabisa hakuna cha kurudisha. Lawama si zako peke yako, ratiba waliipanga mashangazi. Siku nyingine wapeleke chini ya mti, au gomea mpaka saa kumi na moja jua likishalala. Chagua sita, zilizobaki weka kando. Ukumbini flashi uliilenga usoni moja kwa moja, kila mtu anatoa jasho la mafuta. Dari lile ni jeupe na si refu, ungeielekeza juu.

Halafu keki. Picha 9 za kisu kile kile, shoga? Mpe mteja 90 zilizosimama, hatazihesabu.

La mwisho limenifanya nisite kukuandikia. Bibi mzaa mama, yule aliyeteremka kutoka Lushoto, simuoni. Nimeona bega lake mara moja na nusu ya mtandio wake. Hapo sina neno la kulipamba, wataulizia tu. Pekua zile ulizozitupa, hata iliyotikisika kidogo inafaa. Ukikosa, wapigie mwenyewe kabla hawajaona, waulize nani alimpiga picha kwa simu, na aitume kama dokumenti ili isibanwe, niisafishe ichapike ukubwa wa albamu. Wakisikia kwako kwanza watanung'unika kisha yataisha. Wakigundua wenyewe, Tanga ndogo hii.

Usiwatumie chochote kwa sasa. Jumatano alasiri njoo dukani na memori kadi yako, nitachapa ile ya pete mara mbili, ya weupe na ya rangi yake, tuziweke juu ya kaunta uzione. Karatasi juu yangu. Wewe njoo na mkate wa kumimina, ule wa mama yako, siyo wa kununua.