Asante kwa mazungumzo ya leo: nafasi ya Mratibu wa Mizigo ya Transiti

Habari za jioni Bi. Rehema,

Nakushukuru sana kwa simu ya leo asubuhi. Najua una waombaji wengi wa kuzungumza nao wiki hii, na bado ulinipa nafasi ya kueleza kazi yangu bila kunikatisha. Tangazo lilinionyesha majukumu. Wewe ndiye uliyenieleza shida yenyewe. Ulisema mwajiri hahitaji mtu wa kujaza fomu tu, anahitaji mtu ambaye lori likisimama popote kati ya Kasumbalesa na Dar es Salaam, atajua kabla ya saa kupita limesimama wapi na kwa sababu gani. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya sasa, na ndiyo ninayotaka kuendelea nayo kwenye kampuni yenye malori mengi zaidi.

Uliniuliza pia nafanya nini lori likizuiwa mzanini. Muda ulikuwa unakwisha, kwa hiyo nilijibu kwa kifupi. Naomba nikueleze vizuri hapa, kwa kuwa naamini meneja wa operesheni naye atataka kulisikia.

Shaba ina uzito mkubwa na umbo dogo. Ukisimama uani wakati wa kupakia utadhani trela halijajaa: vifurushi vya mabapa ya shaba, vimefungwa kwa mikanda ya chuma, kila kimoja kinapita tani mbili, vimekaa sakafuni na juu yake pamebaki wazi. Mpakiaji asiyeizoea njia yetu anaridhika akishaona jumla haijapita tani 56, ukomo wa gari na mzigo wake kwa mujibu wa Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019. Lakini mzani unapima na ekseli pia, kundi kwa kundi. Lori linaweza kuwa na tani 55 na bado likazuiwa, kwa sababu vifurushi vimerundikwa nyuma na ekseli za nyuma zimeelemewa, huku za mbele zikiwa na nafasi.

Hilo lilitupata na lori lililotoka upande wa Kolwezi. Jumla ilikuwa sawa, karatasi zote zilikuwa sawa, likanasa kwenye mzani mara tu baada ya kuingia Tanzania. Kusogeza vifurushi viwili mbele si kazi kubwa ukiwa na foklifti. Pembeni mwa barabara, foklifti haipo. Ilibidi ikodiwe, dereva akae na gari, mteja aelezwe, na malori mawili yaliyokuwa nyuma yake, yaliyopakiwa uani palepale kwa mpango uleule, yasimamishwe kabla hayajafika mpakani. Hayo mawili ndiyo niliyoyakimbilia kwanza. Lililonasa lilikuwa limeshanasa. Yale mengine bado yalikuwa Zambia, na yangeweza kupangwa upya kwa nafuu kwenye yadi ya Nakonde.

Tangu hapo nimeweka utaratibu ambao ningependa kuuleta kwa mwajiri. Kila aina ya trela tuliyonayo imepigwa mstari wa rangi ubavuni, unaoonyesha kifurushi cha kwanza kianzie wapi. Kabla turubai halijafunikwa, dereva anapiga picha tatu, ya mbele, ya ubavuni na ya nyuma, anazituma kwenye kundi letu la Watsapu, na haondoki mpaka nimejibu. Madereva walinung'unika mwanzoni, kwa sababu usiku ule wa kupakia kila mtu anataka kuondoka. Sasa wao wenyewe ndio wanaomkatalia mpakiaji wakiona mzigo umeanza nyuma ya mstari. Nakwambia kwa moyo mmoja, Bi. Rehema, hakuna kitu katika kazi hii kinachonifurahisha kama dereva anayejua haki ya gari lake na kuisimamia.

Jambo la pili ni dhamana za forodha, ambalo uliligusa uliposema mwajiri anapakia salfa na bidhaa nyingine kwenda Lubumbashi na Likasi. Kwa mzigo wa transiti unaopanda, kazi haiishi lori likivuka Tunduma. Inaisha pale uthibitisho wa kutoka nchini unapoonekana kwenye mfumo na dhamana ya wakala ikafungwa. Nimeshaona lori limeshashusha mzigo Kongo, limeshaanza kurudi, na dhamana yake bado iko wazi kwa sababu sili ya kielektroniki haikufunguliwa rasmi mpakani au uthibitisho haukuingizwa. Dhamana zikikaa wazi nyingi, kiwango cha wakala kinajaa, na lori jipya linakosa kuondoka bandarini ingawa kila kitu kiko tayari. Meneja anaona gari limesimama Dar es Salaam na anatafuta tatizo Dar es Salaam, kumbe liko Tunduma na lina wiki nzima. Kwa hiyo jedwali langu la asubuhi lina safu ya dhamana karibu na safu ya mahali lori lilipo, na siliondoi lori kwenye orodha mpaka safu zote mbili zimefungwa. TANCIS nimeitumia kila siku kwa upande wa kufuatilia nyaraka, na nazungumza na mawakala wetu kwa lugha yao.

Ulitaka kujua kuhusu lugha. Kiswahili ndicho ninachofanyia kazi na madereva wa pande zote, na Kiswahili cha Lubumbashi nakielewa bila shida, maana nimeshinda nacho kwenye simu miaka yote hii. Kiingereza naandikia ripoti na barua za wateja. Kifaransa changu kinatosha kusoma nyaraka za mzigo na kugundua kama uzito au namba ya sili imetofautiana na ya kwetu. Kwa mazungumzo marefu na ofisi za forodha za Kongo, humtumia mwenzetu aliye kule. Ni vizuri mwajiri alijue hili mapema.

Kuna jambo dogo ambalo hatukulifikia. Zambia na Lubumbashi ziko saa moja nyuma yetu. Dereva akisema atafika Nakonde saa kumi na moja jioni, Tunduma itakuwa ni saa kumi na mbili. Kwenye ripoti zangu saa zote ni za Afrika Mashariki, na ya upande wa pili inaandikwa kando yake. Linaonekana dogo, lakini niliwahi kuona wakala anamsubiri dereva, dereva anamsubiri wakala, na wote wawili wana uhakika wamewahi.

Kuhusu kituo cha kazi, nimelifikiria zaidi tangu tulipokata simu. Ulisema uamuzi kati ya Dar es Salaam na Tunduma haujafanyika. Mimi niko tayari kwa vyote viwili. Kama nitaulizwa maoni yangu, ningependekeza miezi ya mwanzo niwe Tunduma. Mtu akikaa pale anawajua maofisa kwa sura, anajua yadi ipi ina ulinzi wa kweli usiku, na anajua foleni ya leo imesababishwa na mfumo uliokatika au na wingi wa magari. Mambo hayo hayafiki vizuri kwa simu. Baadaye nikihamia Dar es Salaam, nitakuwa nasimamia njia ninayoijua, pamoja na bandari, na bandari kavu ya Kwala kadiri mzigo utakavyokuwa unapitia huko. Familia yangu iko Mbeya na tumeshalizungumza, haitakuwa kikwazo.

Kiwango cha mshahara nilichokutajia hakijabadilika, na posho ya kituo cha mpakani tunaweza kuizungumza na mwajiri moja kwa moja. Mkataba wangu wa sasa unanitaka nitoe taarifa ya mwezi mmoja. Ningependa kuutimiza wote, kwa sababu kuna kijana ninayemfundisha jedwali na sipendi kumwachia katikati. Wadhamini wawili niliokutajia nimeshawaarifu leo mchana na wako tayari kupigiwa. Mmoja ni bosi wangu wa zamani wa yadi, mwingine ni wakala wa forodha ambaye tumefanya kazi pamoja muda mrefu.

Nimeambatisha vitu viwili. Cha kwanza ni wasifu wangu, niliouongezea sehemu ya dhamana ulivyoshauri. Cha pili ni ukurasa mmoja wa ripoti yangu ya asubuhi, majina ya wateja na namba za magari zikiwa zimeondolewa. Ukiona inafaa, mpelekee meneja wa operesheni kabla ya usaili; naona itamwonyesha ninavyofikiri haraka kuliko nikimweleza kwa mdomo. Utaona safu ya mwisho imeandikwa "nani anangojewa". Hapo siandiki "foleni" wala "tatizo la mpakani". Naandika ofisi au mtu ambaye lori linamsubiri, na saa ambayo nilizungumza naye mara ya mwisho.

Mwisho, ulisema usaili wa pili huenda ukawa wiki ijayo, kwa video au ofisini kwao. Ukiwa ofisini, naomba nipate taarifa siku mbili kabla ili nisafiri kutoka Mbeya. Ukiwa kwa video, siku yoyote baada ya saa nne asubuhi inanifaa, kwani kabla ya hapo huwa nakusanya taarifa za malori yaliyolala njiani. Na kama watataka kunipima kwa mfano halisi wa lori lao lililowahi kukwama, nitafurahi sana. Wanipe karatasi zake kama zilivyo, nitawaonyesha ningeanzia wapi.

Asante tena kwa muda wako, Bi. Rehema, na kwa kunieleza kazi hii kwa uwazi. Kama kuna kitu kimepungua kwenye nyaraka nilizotuma, nipigie kwa namba ileile ya asubuhi au unijibu hapa, nitakitimiza kesho mapema.

Wako,

Yusufu Hamisi
Msimamizi wa Safari, Mbeya
Viambatisho: wasifu, mfano wa ripoti ya asubuhi