Barua ya Kujibu Ombi la Kufundisha Netiboli na Baiolojia

Kihonda, Morogoro
21 Aprili 2026

Kwa Mkuu wa Shule,
kupitia kwa Mwalimu wa Michezo.

YAH: OMBI LA KUJITOLEA KUFUNDISHA NETIBOLI NA BAIOLOJIA

Mwalimu, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yenu ya tarehe 13 Aprili nilikabidhiwa na mwanangu Zawadi, wa Kidato cha Pili. Nimekaa nayo wiki nzima, nikaisoma tena na tena, maana shule kumkumbuka mzazi kwa jambo kama hili ni heshima na mimi nimeipokea kama heshima.

Jibu langu ni hapana kwa yote mawili: ukocha wa netiboli wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na vipindi viwili vya Baiolojia vya Kidato cha Tatu. Nimelitanguliza ili msinisubiri, mpate nafasi ya kumtafuta mwingine mapema. Ila Jumamosi tarehe 16 Mei, siku ya bonanza la madarasa, nitakuwa nanyi tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Hilo nitalieleza huko chini.

Kazi ya wodini mnaijua. Zamu zetu hupangwa mwezi kwa mwezi, na anayepangiwa usiku hawezi kuomba ahamishiwe asubuhi kwa sababu ana mazoezi saa kumi. Nilichukua ratiba yangu ya Machi nikaiweka juu ya ratiba yenu. Siku za mazoezi mwezi ule zingekuwa 13. Mimi ningefika siku 5, na katika hizo 5, mbili ningekuja nikiwa nimetoka zamu ya usiku.

Najua mtu anaweza kusema siku 5 ni bora kuliko kukosa kabisa. Mimi nakataa, na sababu naijua mwilini mwangu. Nikiwa Kidato cha Tatu tuliletewa kocha wa kujitolea. Tulimpenda. Alikuja wiki mbili mfululizo, kisha akawa anakuja akipata nafasi, kisha akapotea. Sisi tuliendelea kufika uwanjani, tunakaa chini ya mwembe na mpira wetu mmoja hadi jua linazama, halafu tunacheza wenyewe bila mtu wa kutusahihisha. Hakuna aliyekuwa ametufundisha kutua. Netiboli haimruhusu mchezaji kutembea na mpira: ukishaudaka hewani, mguu uliotua kwanza hauruhusiwi kuinuliwa na kukanyaga tena kabla hujaachia mpira, na kuachia lazima iwe ndani ya sekunde 3. Kwa hiyo binti anayekimbia kwa kasi anasimama ghafla, mguu mmoja, uzito wote juu ya goti. Mimi nilitua goti limenyooka na limeingia ndani. Nilisikia kitu kimekatika. Goti hilo hadi leo linanisumbua nikipanda ngazi.

Simlaumu mtu yule. Naye alikuwa na maisha yake. Lakini aliahidi asichokuwa nacho, na mimi siwezi kuwafanyia hivyo wasichana wenu nikijua wazi, kabla sijaanza, kwamba muda huo sina.

Kuhusu Baiolojia nitasema kifupi. Mimi ni muuguzi. Naweza kumweleza mgonjwa kwa nini shinikizo lake la damu limepanda, lakini kumwandaa mtoto kwa mtihani wa Kidato cha Nne ni taaluma ya ualimu, nami sikuisomea. Watoto wa Kidato cha Tatu wasiwe mahali pa kujaribia.

Lipo jambo moja linaloniumiza, na naomba lishughulikiwe wiki hii. Zawadi ameniambia jina langu tayari limebandikwa kwenye ubao wa matangazo kama kocha, na wapo wasichana walioanza kuja na raba siku ya Jumatatu. Naomba liondolewe, na wasichana waambiwe ukweli na mwalimu mwenyewe, mstarini. Ikifaa, semeni hivi: Mama Zawadi hataweza kuwa kocha, ila atakuja tarehe 16 Mei.

Sasa hiyo tarehe 16. Nimeshaomba mapumziko ya siku hiyo, na msimamizi wangu wa wodi ameniandikia.

Nitachezesha netiboli ya wasichana. Madarasa manne yakikutana yote kwa yote ni mechi 6. Mechi kamili ni robo nne za dakika 15 kila moja, nasi hatuwezi kumaliza sita za namna hiyo kwa siku. Napendekeza vipindi viwili vya dakika 10, mapumziko dakika 3. Tukihesabu na kubadilisha timu, kila mechi inachukua nusu saa. Tukianza saa mbili kamili, saa tano tumemaliza, kabla jua halijawa kali.

Mwamuzi mmoja hatoshi, kila mmoja huangalia upande wake wa uwanja. Naomba mwalimu mmoja awe mwenzangu. Akija nusu saa kabla nitampitisha kwenye kanuni. Naomba pia wanafunzi wawili, mmoja wa saa na mmoja wa kuandika mabao.

Uwanja wenu niliupitia Jumapili. Nguzo ya upande wa bwalo imeinama, na pete yake iko chini. Pete inatakiwa iwe mita 3.05 kutoka ardhini; msichana aliyezoea pete ya chini akifika UMISSETA atakosa mabao yote ya mbali akidhani ni woga. Fundi anayetengeneza madawati anaweza kuinyoosha asubuhi moja tu. Mistari ichorwe kwa chokaa, mita 30.5 kwa 15.25. Mvua za masika zikiwa bado zipo siku hiyo, na uwanja ukawa na tope, tusichezeshe. Nitabaki darasani na wasichana tuendelee na jambo la pili.

Jambo la pili ni saa moja ya kutua, kuanzia saa sita hadi saa saba, kwa wasichana wote wanaopenda mchezo huu, hata ambao hawajachaguliwa popote. Kuruka, kudaka, kutua magoti yamekunjwa na yanatazama vidole vya miguu, kugeuka juu ya mguu mmoja. Mwalimu wa Michezo awepo mwanzo hadi mwisho na aandike, kwa sababu mazoezi hayo ni ya dakika kumi tu kila siku na yeye ndiye atakayeyaendeleza nikishaondoka.

Siku nzima nitakuwa pia mtu wa huduma ya kwanza. Bandeji, glovu na dawa ya kusafishia vidonda nitakuja navyo; shule itafute barafu kwenye chombo cha kuhifadhi baridi. Ombi langu kwa walimu wote: mtoto akitegua mguu asichuliwe na mtu. Akae, mguu uinuliwe, niitwe.

Kuchagua timu ya shule sitashiriki. Hilo ni la walimu wanaowaona watoto kila siku.

Sihitaji posho wala nauli. Chakula nitakula kile watakachokula wanafunzi.

Naomba jibu kuhusu mwamuzi wa pili na nguzo kabla ya tarehe 8 Mei. Mnaweza kumpa Zawadi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama Zawadi
Mzazi, Kidato cha Pili